Barua ya Msamaha wa Karo Mshahara Unapokatika Ghafla

Karo ya shule za bweni za umma nchini Kenya hailipwi sawasawa kwa mihula mitatu. Kwa miaka mingi mwongozo wa Wizara ya Elimu umeigawa kwa uwiano wa 50, 30 na 20. Nusu nzima huingia muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, na asilimia 20 iliyobaki muhula wa tatu, ambao ndio mfupi kuliko yote. Kwa shule ya kitaifa ambayo karo yake iliyoidhinishwa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, mzazi hubeba 26,777 mwezi wa Januari, kisha 16,066 na ushei, na kumalizia na kama 10,711.

Mwaka wa 2025 ratiba hiyo iliwakuta wazazi wengi pabaya. Shule zilifunguliwa mapema Januari na nusu ya karo ikalipwa. Tarehe 20 mwezi huohuo Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90 ili ikaguliwe upya, na siku chache baadaye miradi iliyokuwa ikifadhiliwa na shirika la misaada la USAID ikaletewa agizo la kusimamisha kazi. Kenya ilikuwa na miradi mingi ya aina hiyo, hasa katika huduma za virusi vya ukimwi. Washauri nasaha, makarani wa takwimu, madereva na wahudumu wa maabara walirudishwa nyumbani, kwanza kwa likizo isiyo na malipo, kisha kwa barua za kuachishwa kazi.

Makala haya yanafuata barua moja ambayo mtu wa namna hiyo angeiandikia shule. Familia yenyewe ni ya mfano, na hesabu zake nazo ni za mfano, lakini njia inayopitia ni ileile anayopitia mzazi yeyote ambaye mapato yake yameporomoka katikati ya mwaka. Mama alikuwa mshauri nasaha wa upimaji wa virusi vya ukimwi katika zahanati moja ya Mombasa, akipokea shilingi 48,000 mkononi kila mwezi. Baba ni fundi rangi wa vibarua, anayepata wastani wa 14,000. Wanaishi Kisauni katika nyumba ya kupanga. Binti yao mkubwa yuko kidato cha tatu katika shule ya kitaifa ya bweni, na mdogo wake anasoma shule ya kutwa mtaani.

Faili inasema mengine

Ugumu wa kwanza wa familia hii ni kwamba shuleni inajulikana kuwa inajiweza. Binti alipojiunga na kidato cha kwanza, mama alijaza fomu na kuandika kazi yake na mwajiri wake. Tangu hapo karo imelipwa kwa wakati. Mhasibu akifungua faili anaona wazazi wawili walio hai, mmoja mwenye mshahara, na safu ya risiti zisizo na deni.

Fomu za basari nazo haziwasaidii sana watu hawa. Iwe ni fomu ya NG-CDF, yaani hazina ya maeneo bunge, au ya serikali ya kaunti, maswali yake makuu huwa ni kama mwanafunzi ni yatima, kama analelewa na mzazi mmoja, kama mzazi ana ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Maswali hayo yana maana kwa sababu yanatafuta uhitaji wa kudumu. Lakini mtoto mwenye baba na mama, ambao mwaka jana walikuwa wakilipa kila kitu, hujikuta chini kabisa ya orodha hata kama leo nyumbani kwao hakuna mshahara.

Vyuo vikuu vina tatizo hilohilo. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi matano kwa kupima uwezo wa kaya. Kaya ya kundi la kwanza ilitakiwa kuchangia asilimia 5 ya gharama ya masomo, na ya kundi la tano asilimia 40. Kipimo kama hicho hutegemea taarifa zilizokwisha kukusanywa, na taarifa zilizokusanywa siku zote ni za jana. Ndiyo maana rufaa huwa nyingi.

Kwa hiyo kazi ya barua hii ni kuiambia ofisi kwamba taarifa ilizonazo zilikuwa kweli hadi tarehe fulani, na tangu tarehe hiyo si kweli tena. Hapo ndipo barua nyingi hupotea njia. Mzazi hujaza kurasa mbili akieleza ugumu wa maisha, bei ya unga na kodi ya nyumba, mambo ambayo kila barua iliyo mezani kwa mhasibu inayasema. Kinachoitofautisha familia ya Kisauni na nyingine mia ni tarehe 28 Februari 2025, siku iliyoandikwa kwenye barua ya mama ya kuachishwa kazi. Kabla ya siku hiyo kaya ilikuwa na shilingi 62,000 kwa mwezi. Baada yake ina 22,000: zile 14,000 za baba, na kama 8,000 ambazo mama hubaki nazo kwa kukaanga viazi na mandazi jioni.

Msamaha unamgharimu nani

Kabla ya kuandika ni vizuri mzazi ajue anaomba nini, kwa sababu basari na msamaha si kitu kimoja. Basari ni fedha halisi. NG-CDF au kaunti huandika hundi kwa jina la shule, shule huiweka benki, na salio la mwanafunzi hupungua. Msamaha ni shule yenyewe kukubali kutolidai deni. Hakuna fedha inayoingia.

Katika shule ya sekondari ya umma, gharama ya masomo imepangiwa fedha za serikali, shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mara nyingi fedha hizo huchelewa. Zile 53,554 za mzazi wa shule ya kitaifa huenda kwa sehemu kubwa kwenye chakula na malazi ya bwenini, na nyingine kwenye mishahara ya wafanyakazi wasio walimu, maji, stima na matengenezo. Binti akisamehewa ataendelea kula ugali na maharage yaleyale, na muuza maharage atataka kulipwa. Ndiyo sababu mwalimu mkuu hawezi kwa kawaida kufuta karo kwa kalamu yake peke yake. Ombi hupelekwa kwa bodi ya usimamizi wa shule, ambayo ndiyo inayojibu wakaguzi wakiuliza pengo limetoka wapi.

Mambo mawili yanafuata hapo. La kwanza, ombi la kusamehewa sehemu ya karo lina nafasi kubwa kuliko la kusamehewa yote, kwa sababu pengo linalobaki shule inaweza kulibeba. La pili, barua iandikwe kwa namna ambayo bodi inaweza kuinukuu katika kumbukumbu za kikao: kiasi gani, cha muhula upi, kwa sababu gani, kwa ushahidi upi. Ombi la "msaada wowote mtakaoweza" linaonekana la heshima, lakini halinukuliki. Wajumbe wa bodi hawawezi kupitisha "wowote".

Sheria nayo ina neno lake. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo, na kinaruhusu malipo mengine kwa idhini ya waziri, kwa sharti kwamba mtoto asinyimwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kuyalipa. Ni vyema mzazi akijue kifungu hicho, hasa binti akirudishwa nyumbani. Ila kukitanguliza kwenye barua ya ombi kunaigeuza kuwa mashtaka, na mashtaka hujibiwa kwa kujitetea. Tena kifungu chenyewe kinalinda nafasi ya mtoto darasani tu. Deni hakilifuti.

Karatasi zinazothibitisha kuporomoka

Mhasibu mwenye barua thelathini mezani huanza na viambatisho. Anatafuta kitu kilichoandikwa na mtu asiyekuwa mzazi, chenye tarehe. Hapa wazazi wengi huambatisha hati ya mshahara, ile ambayo wengi huiita peislipu, na kusahau kwamba ikiwa peke yake inathibitisha kinyume cha wanachodai: kwamba kuna mshahara. Peislipu ni nusu ya ushahidi. Inahitaji karatasi ya pili inayoonyesha kwamba mfereji huo umekauka.

Ya kwanza katika hizo ni barua ya kuachishwa kazi. Kama mwajiri hajaitoa, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi kinachoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza kazi. Mama wa Kisauni aliwekwa likizo bila malipo mwezi mzima kabla ya kuachishwa. Kwa hiyo anaambatisha barua zote mbili, maana mshahara wake wa mwisho ulikuwa wa Januari, si wa Februari, na mhasibu makini ataiona tofauti hiyo.

Ya pili ni taarifa ya michango ya NSSF, hazina ya kitaifa ya hifadhi ya jamii. Ni karatasi ambayo wengi hawaifikirii, ingawa ina nguvu. Inaonyesha mchango wa mwajiri mwezi baada ya mwezi, na ghafla unakoma. Hakuna mzazi anayeweza kuitunga mwenyewe, na mwanachama huipata kutoka NSSF yenyewe. Taarifa ya benki ya miezi sita hufanya kazi hiyohiyo: mshahara unaingia Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, kisha hauingii.

Ya tatu ni kwa mapato yasiyo na peislipu. Baba fundi rangi hana hati ya mshahara, lakini wateja wake humlipa kwa simu. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita huombwa kwa kupiga *334# na kutumwa kwa barua pepe. Haina haja ya kuchapishwa yote. Kurasa zenye jumla zinatosha, na nyingine zionyeshwe zikitakiwa. Hapa ni lazima mzazi aseme kweli hata pale kweli inapomuumiza. Mwenye kusema anapata 5,000 kwa mwezi huku simu yake inaonyesha 14,000 amejifungia mlango, kwa sababu mhasibu hatauliza tena kuhusu hiyo 9,000; ataacha kuamini barua nzima.

Ya mwisho ni barua ya chifu au naibu wake. Mara nyingi huwa na sentensi moja inayosema mwenye barua anajulikana na hana uwezo. Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Mzazi aende kwa chifu na barua ya kuachishwa kazi mkononi, na aombe iandikwe kwamba kaya ina watu wanne, kwamba mama aliachishwa kazi tarehe fulani, na kwamba sasa anauza chakula mtaani. Chifu anathibitisha anachokiona, na hicho ndicho bodi isichoweza kukiona kutoka shuleni.

Swali ambalo ofisi italiuliza

Kuna swali moja ambalo huulizwa karibu kila mara, na wazazi wengi hawajajiandaa nalo. Mhasibu hufunga faili kidogo na kuuliza, "Mama, ulipoachishwa ulilipwa chochote?"

Swali ni la haki. Sheria ya Ajira inasema mfanyakazi akipunguzwa kazi alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, na mhasibu anaijua. Mama wa mfano wetu alikuwa kwenye mkataba wa muda uliofungamana na mradi, na alichopewa ni siku zake za likizo na malipo mengine madogo, jumla shilingi 35,000. Akisubiri kuulizwa, zile 35,000 zitaonekana kama kitu alichokificha. Akiziandika mwenyewe pamoja na zilikokwenda, zinakuwa sehemu ya hesabu: 15,000 zililipa kodi ya Februari na Machi, 12,000 zilinunua jiko, sufuria, unga na mafuta ya kuanzia biashara, 8,000 zikawa chakula cha Machi. Ofisi inaona kwamba fedha hazikupotea ovyo, na kwamba zimekwisha.

Ndivyo ilivyo pia kwa gari, kiwanja, au ndugu aliye ng'ambo anayetuma fedha. Yanayojulikana mtaani hufika shuleni. Yasemwe.

Hesabu ya kiasi cha kuomba

Kiasi kisitokane na kinachoonekana kuwa cha adabu. Kitokane na matumizi ya mwezi. Familia ya Kisauni ina 22,000. Kodi ni 7,500. Chakula, baada ya kukibana, ni 9,500. Maji, stima na nauli vinakula 2,500. Mtoto wa shule ya kutwa anahitaji 1,000. Jumla ni 20,500, na kinachobaki ni 1,500.

Hiyo 1,500 ndiyo inayobeba ombi zima. Kuanzia Aprili hadi Oktoba ni miezi saba, yaani shilingi 10,500. Karo iliyobaki kwa mihula miwili ni 26,777. Ukitoa 10,500 unabaki na 16,277, na hicho ndicho kiasi cha kuombewa msamaha. Kwa bahati kinakaribia sana karo ya muhula wa pili, jambo ambalo linairahisishia bodi: ni kama kusamehe muhula mmoja na kukubali mwingine ulipwe kidogo kidogo.

Kama kungekuwa na deni la mwaka uliopita, lingetengwa katika aya yake. Deni la zamani halikusababishwa na tukio la Februari, na kulichanganya na karo ya mbele kunaitia shaka hadithi nzima. Familia hii haina deni hilo, na barua inalisema wazi kwa sababu ni sifa yake.

Barua yenyewe

Barua iwe ya ukurasa mmoja, iandikwe na mzazi, na itiwe saini naye. Wengi huiandika kwa Kiingereza wakidhani ndiyo rasmi zaidi, ilhali Katiba ya 2010, ibara ya 7, inavitaja Kiswahili na Kiingereza vyote viwili kuwa lugha rasmi za taifa. Mzazi anayeeleza mambo kwa ufasaha zaidi kwa Kiswahili aandike kwa Kiswahili.

S.L.P. ____, Mombasa
17 Machi 2025

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya ____
Kupitia kwa: Mhasibu wa Shule

Kwa heshima,

KUH: OMBI LA MSAMAHA WA SHILINGI 16,277, KARO YA MUHULA WA PILI NA WA TATU 2025. MWANAFUNZI NAMBARI ____, KIDATO CHA TATU

Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Ninaomba shule inisamehe shilingi 16,277 kati ya shilingi 26,777 zilizobaki katika karo ya mwaka huu. Shilingi 10,500 nitazilipa mimi. Hatuna deni la miaka iliyopita, na karo ya muhula wa kwanza tuliilipa yote mwezi wa Januari.

Hadi Januari nilikuwa mshauri nasaha katika mradi wa afya uliofadhiliwa na USAID, kwa mshahara wa shilingi 48,000 mkononi. Mradi ulisimamishwa mwishoni mwa Januari. Februari niliwekwa likizo bila malipo, na tarehe 28 Februari nikaachishwa kazi. Mume wangu ni fundi rangi na hupata wastani wa shilingi 14,000. Mapato ya kaya yetu ya watu wanne yameshuka kutoka shilingi 62,000 hadi 22,000 kwa mwezi, pamoja na shilingi 8,000 ninazopata sasa kwa kuuza viazi na mandazi.

Nilipoondoka nililipwa shilingi 35,000. Nimezitumia kwa kodi ya miezi miwili, mtaji wa biashara na chakula cha Machi. Hesabu ya matumizi yetu ya mwezi imeambatishwa. Baada ya mahitaji ya lazima tunabaki na shilingi 1,500, nazo nitazilipa katika akaunti ya shule kabla ya tarehe 10 ya kila mwezi, kuanzia Aprili hadi Oktoba.

Iwapo bodi haitaweza kusamehe kiasi chote, ninaomba isamehe sehemu yake, iniruhusu kulipa iliyobaki mwaka ujao, na ipendekeze jina la binti yetu kwa basari zinazopitia shuleni. Nikipata kazi nitaiarifu ofisi yako ndani ya wiki mbili ili mpango huu uangaliwe upya.

Nimeambatisha barua ya likizo bila malipo na ya kuachishwa kazi, peislipu ya Januari, taarifa ya NSSF, taarifa ya benki ya miezi sita, muhtasari wa M-Pesa wa mume wangu, na barua ya chifu.

Wako mwaminifu,
(saini, jina, nambari ya kitambulisho na ya simu)

Msomaji ataona kwamba kiasi kimetangulia sababu. Mhasibu anayesoma harakaharaka akiishia aya ya kwanza anajua kinachotakiwa na kinachotolewa. Ataona pia kwamba barua haitaji alama za binti wala ndoto yake ya kuwa daktari. Ufaulu ni hoja ya ufadhili wa masomo, na shule inazijua alama hizo kuliko mzazi. Nafasi hiyo ndogo ni bora itumiwe kwa tarehe na hesabu.

Ataona tena kwamba mgogoro wa Washington umechukua maneno machache. Bodi haina haja ya kushawishika kwamba mradi ulisimamishwa kwa dhuluma. Inahitaji kujua kwamba ulisimamishwa, na lini. Mzazi aliyefukuzwa kazi kwa ugomvi na mwajiri wake aandike vivyo hivyo: kazi iliisha tarehe fulani, na shauri liko mahali fulani kama lipo.

Tarehe ya barua nayo imechaguliwa. Muhula wa kwanza wa 2025 ulifungwa mapema Aprili na wa pili ukaanza mwisho wa mwezi huo. Barua ya katikati ya Machi inamkuta mwalimu mkuu bado yuko ofisini, kabla ya binti kurudi nyumbani na karatasi ya karo ya muhula wa pili, na bado kuna wiki sita za bodi kukutana. Barua hiyohiyo ikiletwa siku ya kufungua shule, binti akiwa getini na sanduku lake, inageuka kuwa ya dharura, na mara nyingi kinachopatikana ni ruhusa ya wiki mbili tu.

Baada ya kuipeleka

Barua ipelekwe ikiwa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi na mzazi. Kabla ya kuondoka aulize bodi inakutana lini, kisha arudi au apige simu siku chache baada ya tarehe hiyo, si kila juma.

Jibu likija, kazi haijaisha. Inatokea mwalimu mkuu akamwambia mzazi kwa mdomo, "Mama, usijali, tutalishughulikia," na mzazi akarudi nyumbani akishukuru. Kisha TSC, tume ya huduma za walimu, inamhamisha mwalimu mkuu, anakuja mwingine, na kwenye mfumo wa hesabu deni liko palepale. Msamaha uliotolewa ni ule ulioandikwa kwenye barua na kuonekana kwenye taarifa ya karo ya mwanafunzi. Mama aombe taarifa hiyo ichapishwe. Iwapo bodi imekubali 16,277, salio la mihula miwili lisomeke 10,500. Kama bado linasomeka 26,777, arudi dirishani siku hiyohiyo, kabla ya muhula kufungwa na hesabu kupelekwa mbele.

Zile 1,500 za kila mwezi zilipwe kwa benki au kwa nambari ya malipo ya shule, kamwe zisipewe mtu mkononi, na kila risiti itunzwe. Mwezi ambao viazi havikuuzika na zikapatikana 900 tu, zilipwe 900, na mhasibu aarifiwe kwa ujumbe mfupi. Ofisi huvumilia malipo madogo. Kinachovunja makubaliano ni ukimya wa miezi miwili.

Huenda jibu likawa hapana, au likawa ndiyo kwa 6,000 tu. Shule inayodaiwa na wauza chakula haina ilichobakiza cha kusamehe, hata bodi yake ikimhurumia mzazi. Ndipo aya ya nne ya barua inapofanya kazi: sehemu isogezwe mbele, na jina la binti liingie kwenye orodha ya basari likiwa na pendekezo la shule. Barua ileile na viambatisho vilevile vipelekwe pia kwenye ofisi ya NG-CDF ya eneo bunge na kwa ofisi ya wadi, vikiambatana na fomu yao. Mara nyingi fomu haitoi nafasi ya kutosha kueleza kilichotokea tarehe 28 Februari, na barua ndiyo inayoliziba pengo hilo.

Mwisho, msamaha huu ni wa mwaka mmoja. Januari ikifika uwiano wa 50, 30 na 20 unaanza upya, na shilingi 26,777 zinadaiwa kwa mkupuo na mzazi ambaye anaweka kando 1,500 kwa mwezi. Kwa Novemba na Desemba atakuwa na 3,000. Kwa hiyo barua ya pili iandikwe Oktoba, wakati bodi bado inapanga mwaka ujao. Hiyo itakuwa fupi kuliko ya kwanza. Itataja msamaha uliotolewa na tarehe yake, itaeleza mapato ya sasa ni kiasi gani, itaomba nusu ya Januari igawanywe kwa miezi, na itaambatishwa risiti saba za malipo. Mwezi Machi mama alikuwa na ahadi tu ya kuitolea bodi. Oktoba atakuwa na kumbukumbu ya malipo, na bodi ina sababu ya kuamini kiasi anachosema ataweza kulipa mwaka unaofuata.